Umra na mama mwakani: pakeji ya 3,600,000 au ya 4,150,000? Nisaidieni hesabu

mwanapangani

Assalaam alaykum wakuu, na habari kwa wote.

Inshaallah mwakani Rajab nataka kumpeleka bi mkubwa Umra. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua, ila anatembea. Tutakuwa wawili tu, mimi na yeye, tunatokea Tanga na ndege tunapandia Dar. Nimezunguka kwa mawakala nikabaki na pakeji mbili mkononi, zote za usiku 13: nane Makka, tano Madina.

Ya kwanza ni 3,600,000 kwa mtu. Tiketi imo, viza imo, usafiri wa Jeddah–Makka–Madina umo, ziyara zimo. Chumba cha watu wanne. Hoteli ya Makka ipo kama kilomita mbili na nusu kutoka Haram, kuna basi la hoteli la kupeleka na kurudisha. Chakula mnajitegemea.

Ya pili ni 4,150,000 kwa mtu. Vyote hivyo hivyo, ila hoteli wameandika "mita 500", na kuna chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Chumba cha watu wanne vilevile.

Kwa sisi wawili tofauti ni 1,100,000. Kwangu hiyo ni pesa ya kukaa chini na kufikiri. Naelekea kuchukua ya kwanza, hiyo tofauti niibadilishe riyali tule nayo. Waliokwenda mnasemaje? Na mfukoni tubebe kiasi gani, dola au riyali?

---

Bakari_Kigoma

Wa alaykum salaam. Kaka, mbona rahisi hivyo? Mimi mwaka huu nimeulizia nikaambiwa zaidi ya milioni kumi na tano kwa mtu mmoja. Halafu hujaweka pesa ya kuchinja. Na Mina je? Mahema yana madaraja, ukilipa kidogo unawekwa mbali na Jamarat.

---

Ukhti_Salha

Bakari, hiyo uliyoulizia ni Hija. Mwenzetu anasema Umra. Umra haina Mina wala Arafa, na hadyi, huko kuchinja unakosema, haimhusu. Hata kwenye Hija hadyi inamlazimu anayefanya tamattu au qirani, yaani Umra na Hija katika safari moja, anayehiji ifradi, Hija peke yake, hadaiwi. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaopewa viza ya Umra na mtu akawaambia "mtajificha mpaka Hija ifike". Viza ya Umra haihijii. Mwaka 2025 Saudia walitangaza faini ya hadi riyali 20,000 kwa anayekamatwa anahiji bila kibali, pamoja na kurudishwa kwao na kufungiwa kuingia miaka kumi.

Sasa kaka mwanapangani. Mimi nasindikiza vikundi vya kina mama kutoka Dar, kwa hiyo nikujibu kwa kumtazama bi mkubwa kwanza, pesa zitafuata.

Tuanze na hiyo kilomita mbili na nusu. Basi la hoteli ni kweli lipo. Ila karibu na nyakati za sala, hasa Ijumaa na jioni, barabara zinazozunguka Haram zinafungwa, basi linawashusha pale linapoweza kufika. Wakati wa kurudi watu mia wanataka kupanda basi moja. Kijana anasubiri raundi ya tatu. Mama wa miaka 68 aliyesimama tangu Maghrib hawezi, na wewe mwenyewe hutakubali kumwona hivyo. Utaita teksi. Na teksi baada ya Isha hukutani na bei ya mchana.

Fanya hesabu hii. Weka teksi mbili kwa siku, riyali 25 kila moja, siku nane za Makka: riyali 400. Chakula cha watu wawili bila anasa, wali na kuku mgawane, chai, mkate, matunda, weka riyali 70 kwa siku. Mara siku 13 ni 910. Jumla riyali 1,310. Riyali nakadiria shilingi 705, kwa hiyo ni kama 923,500.

Pakeji ya pili inakubakishia chakula cha mchana tu. Riyali 25 kwa wawili, siku 13, ni 325, sawa na shilingi 229,000 na ushee.

Toa sasa. Ile tofauti ya 1,100,000 imebaki laki nne na kidogo kwa nyinyi wote wawili. Hiyo ndiyo tofauti yako ya kweli, na ndani yake unanunua mama kuweza kurudi chumbani kupumzika kati ya Adhuhuri na Alasiri. Aliye mbali harudi, anakaa msikitini kutwa nzima.

---

mwanapangani

Dada Salha, Allah akulipe. Sikuitazama teksi kabisa. Hiyo mita 500 ni ya kuaminika?

---

Ukhti_Salha

Usiiamini mpaka upewe jina la hoteli kwa maandishi. Ukilipata, litafute kwenye ramani ya simu, upime njia ya miguu mpaka kwenye mlango wa msikiti. Wengine wanapima mpaka mwanzo wa uwanja wa nje, na kutoka hapo mpaka ndani bado pana mwendo wake.

Jambo la pili ni mlima, na watu wengi hawaliulizi. Makka ni mabonde na majabali. Hoteli za upande wa Ajyad nyingine zipo juu, unashuka vizuri kwenda kusali, kurudi unapanda. Kwa magoti ya mama, mita 700 za tambarare upande wa barabara ya Ibrahim Al Khalil ni afadhali kuliko mita 400 za mwinuko. Muulize wakala swali hilohilo: ni tambarare au kilima? Akisita, waulize waliolala hapo.

Na lipo neno "au inayolingana nayo" kwenye mikataba. Maana yake hoteli inaweza kubadilishwa. Mwambie aongeze umbali wa mwisho anaokubali, kwa mfano isizidi mita 700. Wapo wanaokubali kuandika.

Madina usihangaike sana, hoteli nyingi ziko karibu na Msikiti wa Mtume na ardhi ni tambarare. Ukiweza kuchagua, chukua upande wa kaskazini, milango ya wanawake iko nyuma huko.

---

Mzee_wa_Mwembetayari

Salamu kutoka Mombasa. Mwanangu, hesabu ya Salha ni nzuri lakini mimi kwenye chakula nina neno.

Mimi na mke wangu tulilipia chakula ndani ya pakeji, na chakula cha usiku hatukukila hata nusu ya siku zetu. Sababu ni kwamba ukiingia Haram kwa Maghrib unabaki mpaka Isha, halafu unataka kutufu kidogo kwa sababu mataf, uwanja wa kuzunguka Kaaba, imepungua watu. Unafika hotelini wanakunja meza. Tukawa tunanunua nje, tumelipa mara mbili. Chai ya asubuhi hiyo tuliinywa kila siku, unatoka Alfajiri una njaa na imeandaliwa.

Kwa hiyo uliza saa ya kufunga chakula cha usiku. Wakisema saa tatu, hicho chakula usikihesabu kuwa ni chako. Halafu uliza kinapikwa kipi. Sisi tulikuwa na kundi kubwa la watu wa Asia na chakula kilifuata ulimi wao. Kwa mzee aliyezoea wali wa nazi na samaki, siku tatu si kitu, siku kumi na tatu ni nyingi. Mama yenu mchukulieni hata unga kidogo wa uji na birika la umeme. Uji wa riyali sifuri unaokoa asubuhi nyingi.

---

Chenji_Kariakoo

Mimi niongelee hela maana ndiyo kazi yangu. Kaka nunua riyali hapahapa Dar. Ukinunua dola halafu ukabadilishe tena Makka umekatwa mara mbili. Badilisha mara moja tu, shilingi kwenda riyali, ukifika unatumia. Na ukifika Jeddah usiku na dola mkononi utateseka.

---

Ukhti_Salha

Kaka Chenji, hilo la kukatwa mara mbili ni kweli kwa maneno, kwa hesabu linategemea duka.

Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola, 3.75 kwa dola moja, tangu mwaka 1986. Haichezi. Maduka ya kubadilisha fedha karibu na Haram yanakupa chini ya hapo kidogo, tuseme 3.72. Huko unakatwa kidogo sana. Kukatwa kwenyewe kunatokea hapa nyumbani, kwa sababu dola inauzwa na kila duka na yanashindana, riyali inauzwa na wachache na wanajipangia.

Kipimo ni hiki. Chukua bei wanayokuuzia dola, igawanye kwa bei wanayokuuzia riyali. Juzi niliona duka linauza dola 2,620 na riyali 740. Ukigawanya unapata 3.54. Maana yake duka hilo linakupa riyali 3.54 kwa dola yako, na Makka ungepewa 3.72. Kwa riyali 3,000, hapa ungelipa 2,220,000. Ukinunua dola ukaenda kubadilisha kule ni kama dola 807, sawa na shilingi 2,114,000 hivi. Laki moja na ziada imeondoka.

Duka lingine likiuza riyali 705, gawanya: 3.72. Hapo Chenji ana haki, nunua riyali hapahapa upunguze usumbufu.

---

Chenji_Kariakoo

Hilo la kugawanya nakubali, 740 ni ghali, huyo aliona musimu wa mahujaji. Lakini asiende bila riyali kabisa. Achukue hata 200 za noti ndogondogo. Na kwenye dola achukue noti za mia, mpya, zisizo na mchoro wala mkunjo. Noti za zamani na noti ndogo wanazinunua kwa bei ya chini au wanazikataa. Na aombe risiti, akilinganisha nyumbani kama noti ina kasoro awe na pa kurudi.

---

Abu_Nasra_Muscat

Assalaam alaykum. Sisi huku Maskati mambo mepesi, tunakwenda kwa gari, tangu ile barabara ya jangwani ya kutoka Omani moja kwa moja kuingia Saudia ifunguliwe mwaka 2021. Mafuta, maji, tende, tunapokezana usukani. Riyali moja yetu inakupa tisa na kitu za Saudia, basi mia tatu zinatosha kabisa familia.

---

mwanapangani

Abu Nasra, hizo mia tatu ni za Omani? Nimesoma nikadhani riyali 300 za Saudia zinatosha familia nikafurahi.

---

Abu_Nasra_Muscat

Za Omani ndugu yangu, karibu 2,900 za Saudia. Na hapo nauli haimo wala hoteli, hoteli tulilipa kabla.

Nikupe moja la kadi kwani naona hamjaligusa. Ukilipa kwa kadi dukani, mashine inaweza kukuuliza ukatwe kwa riyali ya Saudia au kwa fedha ya kwenu. Chagua riyali. Ukichagua ya kwenu, wanakupigia kiwango chao wenyewe na ni kibaya. Mashine za kutolea pesa zinauliza vilevile. Na kila ukitoa, benki yako ina makato yake, basi toa mara moja kiasi kikubwa, usitoe hamsini hamsini.

---

Ukhti_Salha

Ahsante Abu Nasra, hilo la kadi ni muhimu. Kabla ya safari mwambie mtu wa benki afungue kadi itumike nje, na muulize makato ni kiasi gani kwa kila kutoa. Kadi iwe akiba, pesa taslimu ndiyo ya matumizi. Na taslimu mgawane, nyingine kwako, nyingine kwa mama kwenye mkoba wa shingoni. Msiingie na zote kwenye tawafu.

---

Kipepeo_Mjini

Samahani naingilia. Mwanapangani umesema chumba cha watu wanne. Unajua kwamba hutalala chumba kimoja na mama yako? Vyumba vya wanne vinagawanywa wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Mama atakuwa na kina mama watatu asiowajua, wewe pengine ghorofa nyingine. Mama yangu anaamka usiku mara nyingi na dawa zake ni za saa, nilipogundua hilo ikabidi tuongeze hela ya chumba cha wawili dakika za mwisho, na wakala alitutoza alivyotaka kwa sababu hatukuwa na pa kwenda.

---

mwanapangani

Subhanallah, hilo sikuambiwa na wakala yeyote kati ya wote wawili. Nilijua tutakuwa pamoja.

---

Ukhti_Salha

Kipepeo kasema kweli, nilipaswa kulianza. Ulizia leo bei ya chumba cha wawili kwenye pakeji zote mbili, iandikwe. Huwa nyongeza ya hoteli ya karibu ni kubwa kuliko ya hoteli ya mbali, kwa hiyo ile laki nne yetu inaweza kupanda tena. Hapo hesabu inafunguka upya.

Ila sikubali kwamba kila mama lazima alale na mwanawe. Wapo kina mama wanaofurahi mno na wenzao, wanaamshana kwa tahajudi, wanasindikizana msalani na msikitini. Anayehitaji mtu wa kumshika usiku ndiye wa chumba cha wawili. Muulize yeye mwenyewe.

---

Mzee_wa_Mwembetayari

Na kiti cha magurudumu usikisahau kwenye bajeti. Viti vya bure vipo Haram, unakiomba na unamsukuma mwenyewe. Ila wenye viti wanaelekezwa ghorofa za juu, na huko mzunguko ni mrefu kuliko kando ya Kaaba. Saayi, ule mwendo wa Safa na Marwa, peke yake ni kama kilomita tatu. Kijana mwenye nguvu utaweza Umra ya kwanza, lakini umetoka kwenye ndege hujalala. Wapo wasukumaji rasmi wenye fulana zao, wanalipwa. Patana bei kabla mama hajakaa, na ujue kama ni tawafu tu au pamoja na saayi. Tenga pesa ya mara moja hata kama hutaitumia.

---

mwanapangani

Mzee wangu shukrani sana. Na chanjo je, zinaingia kwenye pakeji?

---

Ukhti_Salha

Nyingi hazimo, uliza. Homa ya uti wa mgongo ni lazima, ichomwe si chini ya siku kumi kabla ya kufika. Ya homa ya manjano ulizeni kama inatakiwa kwa sisi tunaotoka huku, na kadi ya manjano iwe mkononi. Ila kama mama hajawahi kuchomwa ya manjano, kwa umri wake nendeni mkaonane na daktari kwanza, zaidi ya miaka 60 kwa mara ya kwanza inahitaji uangalifu. Msiende wiki ya mwisho. Nauli ya kutoka Tanga kufuata chanjo nayo ni gharama, iweke.

Na mtu asikuuzie kibali cha kuingia Rawdha, ndani ya Msikiti wa Mtume. Kinaombwa kwenye programu ya Nusuk, hakilipiwi.

---

Bakari_Kigoma

Nimeelewa sasa, ni Umra. Swali langu basi: akianza kuweka akiba leo, anunue dola kila mwezi au aweke shilingi? Mimi naona dola kila mwezi, shilingi ikianguka unakuwa salama.

---

Chenji_Kariakoo

Bakari, waliofanya hivyo katikati ya 2024 walilia. Mwishoni mwa mwaka ule shilingi ilipanda, waliokuwa na dola wakaziuza kwa hasara. Haina uhakika hiyo.

---

Kipepeo_Mjini

Walilia waliotaka kuziuza. Anayekwenda Makka haziuzi, anazitumia. Yeye dola ikishuka hajapoteza riyali hata moja, amekosa tu kununua kwa bei nafuu.

---

Ukhti_Salha

Mimi naona tutenganishe mafungu mawili. Pesa ya pakeji mmeandikiwa kwa shilingi, na tangu kanuni za Benki Kuu za 2025 bei za hapa ndani hazitakiwi kutangazwa kwa fedha za kigeni. Lakini hoteli na nauli wakala ananunua kwa dola. Kwa hiyo swali kwa wakala ni moja: hiyo 4,150,000 inasimama mpaka tarehe gani, na nikilipa nusu leo, je, ile nusu nyingine inaweza kupanda? Waliowahi kuongezewa pesa wiki mbili kabla ya safari wengi wao hawakuwa na karatasi inayojibu hilo. Na uliza viza ikishatoka ukaahirisha unarudishiwa nini.

Fungu la pili ni la mfukoni. Kwa nyinyi wawili na pakeji ya pili, mchana 325, kiti cha magurudumu, laini ya simu, kufua, zawadi, na akiba ya ugonjwa, mimi ningebeba riyali 2,000 zigawanywe dola na riyali, na kadi nyuma yake. Hilo ndilo unaloweza kununua kidogokidogo. Kiasi chenyewe si kikubwa, shilingi ipande au ishuke hutaumia.

---

mwanapangani

Nimempigia mama. Kasema anataka kulala na kina mama wenzake, "wewe utanikoromea". Kwa hiyo chumba cha wanne kinabaki. Mawakala nimewaandikia maswali manne: jina la hoteli na kama ni tambarare, saa ya kufunga chakula cha usiku, bei inasimama mpaka lini, na nikiahirisha narudishiwa nini. Wa pakeji ya pili kajibu mawili ya kwanza: jina katoa, nimepima ni mita 640 mpaka mlangoni, na chakula kinafungwa saa nne usiku. Wa kwanza kaniambia niende ofisini tuongee.

Kilichobaki ni mizigo. Mmoja ndege yake ni ya kupitia Addis, mwingine ya moja kwa moja. Zamzam inahesabiwa?

---

Abu_Nasra_Muscat

Chupa rasmi ya lita tano iliyofungwa kwenye boksi lake, si kuimimina kwenye madumu ukaficha begini, wataitoa. Kama inahesabiwa kwenye kilo au haihesabiwi ni shirika na shirika.

---

Kipepeo_Mjini

Na soma tiketi imeandika kilo ngapi, mabegi mangapi. Zamzam, tende za Madina na misala ndivyo vinavyojaza begi la kurudi. Sisi tulilipia kilo za ziada uwanjani zaidi ya thamani ya tende zenyewe.

---

Bakari_Kigoma

Jibu la wakala wa pili kuhusu tarehe ya bei likija, liweke hapa kaka. Nami namtafuta wa kwenda naye Shaabani.